BoT ikinunua dola za parachichi, shilingi zinatoka wapi?

"BoT ikinunua dola za parachichi zetu, shilingi inazitoa wapi? Na tukitoa keshi, pesa inaongezeka tena?"

Dada, inaziandika. Tuseme benki ya hapa Mbeya imeiuzia BoT dola za shilingi milioni 250. Upande wa mali za BoT, akiba ya dola inapanda kwa milioni 250. Upande wa madeni, akaunti ya hiyo benki kule BoT inapanda vilevile. Fedha za msingi, yaani noti zilizo nje ya BoT pamoja na akiba za mabenki kwenye akaunti zao kule BoT, zimeongezeka, na kaka wa Tukuyu aliyesema "wanachapa noti" amepatia nusu tu, maana siku hiyo haikuhitajika hata noti moja.

Wakulima wa Rungwe wakitoa keshi milioni 100, benki inachukua noti tawi la BoT Mbeya na akaunti yake inashuka hadi 150. Noti mtaani 100, akiba 150: jumla ni ileile.

Angalia kodi sasa. Mnunuzi akilipa TRA milioni 30, zinahamia akaunti ya serikali BoT, ambayo haihesabiwi kwenye fedha za msingi. Zinabaki 220 mpaka serikali itumie.

Mzee wa Mafinga uliyeuliza kama haya yanagusa riba ya mkopo wako, hilo ni suala jingine. Akiba ikipungua mabenki hukopeshana kwa bei ya juu, ila lini inakufikia wewe, hapo tubishane.