Pumu ya ngozi inapoacha kuwasha ikaanza kuuma

*Assalaam alaykum daktari. Mwanangu wa miaka 3 ana pumu ya ngozi tangu mchanga. Juzi ametoka vilengelenge mashavuni na kwenye viwiko, vingine vimepasuka vikaacha vishimo. Ana homa, na nikimgusa analia. Jirani anasema ni tetekuwanga, na duka la dawa wamenipa krimu. Nisubiri siku ngapi? Mama, Wete.*

Wa alaykum salaam. Usisubiri hata moja. Mpeleke hospitali leo, hata ikiwa usiku. Krimu hiyo usiipake tena mpaka aonwe, ila uende nayo daktari aisome. Njiani mnyweshe kidogo kidogo.

Tetekuwanga huenea mwili mzima na hutoka kwa awamu: hapa kipele kipya, pale lengelenge, kwengine kigaga. Vya mtoto wako, kwa ulivyoeleza, vimeshika palepale penye pumu. Vikiwa vinafanana ukubwa, na vishimo ni vya mviringo kama vilivyotobolewa kwa msumari, nashuku virusi vya hapesi, vilevile vinavyotoa vidonda vya homa mdomoni. Kwenye ngozi isiyo na mchaniko huishia mdomoni. Kwenye ngozi iliyochanika kwa pumu hupata njia ya kusambaa. Mara nyingi mtoto kabusiwa tu na mtu mwenye kidonda cha mdomo.

Sasa hiyo krimu. Nyingi zinazouzwa bila cheti zimechanganya dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Hakuna hata moja inayoua virusi. Steroidi inapunguza wekundu, mama anashukuru, na huku chini kinga ya ngozi imelazwa. Nilimpokea mtoto wa miaka 5 aliyepakwa hivyo siku 4, kisha akaoshwa kwa maji ya chumvi "ikauke". Alifika vilengelenge vimepanda hadi kwenye kope na jicho halifunguki. Tulimlaza, akapewa asiklovia, dawa ya virusi hivi, kwa mshipa, na daktari wa macho akaitwa siku hiyo hiyo, kwa sababu virusi hivi vikigusa kioo cha jicho vinaweza kuacha kovu la kudumu. Kwa hiyo wako akiwa na kilengelenge karibu na jicho, litaje hilo kwanza ukifika.

Dawa ni asiklovia ya kunywa au ya mshipa, kwa uzito wa mtoto. Ile ya kupaka haitoshi hapa. Kipimo cha majimaji ya lengelenge kikiwepo kichukuliwe, lakini dawa haingoji majibu. Bakteria nao wakiingia ataongezewa antibiotiki.

Wala sisemi steroidi aliyoandikiwa na daktari kwa pumu yake ni sumu. Pumu iliyoachwa bila tiba ndiyo inayofungua mlango. Ninachokipinga ni muuza duka kutazama picha kwenye simu na kutoa tyubu. Homa, maumivu na vishimo vikija pamoja juu ya pumu ya ngozi, kwa mtoto au mtu mzima, duka la dawa lipite, wende hospitali.