Barua kwa mwanangu: kumbukumbu za akasha

"Mama, shikamoo. Kuna dada hapa kazini anasema kuna kumbukumbu za akasha, maktaba ya mbinguni yenye yote ambayo kila roho imepitia. Ati ni elimu ya Wahindi ya maelfu ya miaka. Kwa elfu hamsini anaweza kunisomea ya marehemu baba. Ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Hata mimi bado namtengea baba yako kikombe nikijisahau. Ila hiyo hela usiitoe kwanza.

Neno ni la Wahindi kweli. Maktaba siyo yao. Kwa Kisanskriti akasha ni anga, ule uwazi. Wahenga wao waliihesabu pamoja na ardhi, maji, moto na hewa, wakasema ndiyo inayobeba sauti. Waliolichukua neno hilo na kulijengea ghala la kumbukumbu ni watu wa Chama cha Theosofia, kundi la watafutaji wa elimu za siri, ambalo Helena Blavatsky, mama wa Kirusi, alilianzisha na wenzake New York mwaka 1875. Charles Leadbeater, Mwingereza wa chama hicho, akazieleza kumbukumbu hizo kwenye kitabu chake cha 1899. Wakati huo babu zetu walikuwa wanapalilia migomba hapahapa kihambani.

Sasa tazama waliodai kusoma kumbukumbu hizo walisoma nini. Unawakumbuka komba wanaolia usiku kwenye mparachichi? Wana ndugu zao Madagaska, lemuri, na wengine wako India. Mwaka 1864 Philip Sclater, mtaalamu wa wanyama, alijiuliza ukoo mmoja umetawanyikaje ng'ambo mbili za bahari. Akakisia kwamba palikuwa na bara lililozama, akaliita Lemuria. Lilikuwa kisio la haki kwa elimu ya siku zile. Mwaka 1888 Blavatsky akaliingiza kitabuni kama makao ya binadamu wa kale. Kuanzia 1904 Rudolf Steiner wa Austria, naye wa chama hicho, akachapisha makala alizosema amezipata kwenye akasha, akisimulia watu wa Lemuria walivyoishi na kulea watoto wao.

Baadaye wanajiolojia wakathibitisha kwamba mabara yenyewe husogea: Madagaska na India zilikuwa zimeshikana, zikaachana. Bara la Sclater halikuhitajika tena, likafutwa kwenye sayansi. Lakini ndani ya akasha lilikuwa limeshasomwa, pamoja na watu wake. Simwiti Steiner mwongo. Naona tu kwamba kilichotoka huko kilikuwa kimeingia kwanza kupitia vitabu vya watu, makosa yake yakiwemo.

Na huyo dada umeshamsimulia mengi ya baba yako, nakujua. Akikurudishia hayohayo utalia, utaona amepatia. Muulize jambo ambalo hata wewe hulijui. Daftari la baba yako la kahawa, lile lenye jalada jekundu lililoliwa na mende pembeni, ninalo kabatini. Ukurasa wa kwanza aliandika mstari mmoja kabla ya hesabu za kilo. Mwambie huyo dada asome mstari huo huko akasha, kisha unipigie simu, nitaufungua.