Kabla ya kumpa ofa mteja aliyecheleweshewa mzigo, mrudishie chake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika ujumbe unaotumwa kwa wateja wa kampuni za kusafirisha mizigo midogo jijini Dar es Salaam, na ujumbe mgumu kuliko wote ni ule unaoandikwa baada ya mizigo kuchelewa kwa wiki nzima nzima, pale uongozi unapotaka kuomba radhi na papo hapo kuwavuta wateja walioondoka. Ushauri wangu ni kwamba mambo hayo mawili yasiandikwe katika ujumbe mmoja, wala yasitumwe katika wiki moja. Nitaeleza kwa kutumia kampuni moja niliyoifanyia kazi, ambayo sitaitaja jina.

Chanzo kilikuwa mvua za masika. Maji ya Mto Msimbazi yalipofunika barabara ya Jangwani, magari yaliyokuwa yakitoka ghala la Mbezi kwenda katikati ya jiji yalilazimika kuzunguka, na kwa siku chache mizigo ikarundikana. Barabara ilifunguliwa, lakini ucheleweshaji uliendelea kwa wiki kadhaa, kwa sababu mizigo mipya ilikuwa ikishushwa karibu na mlango wa ghala na hivyo ndiyo iliyopakiwa kwanza, huku ile ya siku za mafuriko ikibaki nyuma kabisa. Mteja aliyetuma mzigo Jumatatu ya wiki hiyo aliona wa jirani yake, uliotumwa siku kumi baadaye, ukifika kabla ya wake.

Rasimu ya kwanza iliyoletwa mezani kwangu ilisema hivi: "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na mvua. Furahia punguzo la asilimia 30 wiki hii!" Nilikataa isitumwe. Neno "wowote" linamwambia mteja kwamba kampuni haina hakika kama alisumbuka, ilhali yeye amepiga simu kila asubuhi kuuliza mzigo uko wapi. Kusingizia mvua peke yake hakukubaliki kwa mtu ambaye ameona bodaboda za kampuni nyingine zikifika mtaani kwake siku ya pili baada ya maji kupungua. Punguzo nalo, kwa mzigo wa shilingi 5,000, ni shilingi 1,500, na ili azipate inambidi kwanza alipe 3,500 kwa kampuni ambayo bado inashikilia mali yake. Anachokiona hapo ni kampuni inayomuuzia kitu kabla ya kumaliza deni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa kuandika, ilikuwa kuigawa orodha ya wateja. Wapo ambao mizigo yao ilikuwa bado ghalani. Wapo waliopokea, lakini kwa kuchelewa. Na wapo wafanyabiashara wanaouza kwa Instagram na WhatsApp, wengi wao wakichukua bidhaa Kariakoo, ambao ndio wanaotulipa ingawa anayesubiri mlangoni ni mteja wao. Ujumbe mmoja kwa makundi yote matatu lazima utawaudhi angalau mawili. Aliyekwisha kupokea mzigo akiambiwa kuwa uko njiani atadhani kampuni haijui inachokifanya, na anayesubiri akiambiwa "asante kwa uvumilivu wako" atapiga simu kwa hasira zaidi.

Kwa kundi la kwanza tuliandika hivi, na kila mmoja akapelekewa namba ya mzigo wake na tarehe yake mwenyewe: "Tunaomba radhi. Mzigo wako namba 4471 ulipaswa kufika Jumanne, lakini bado upo kwenye ghala letu la Mbezi kwa kosa letu la kupanga mizigo. Utaletwa Ijumaa kabla ya saa 10 jioni. Shilingi 5,000 za usafiri tumekurudishia leo kwenye namba hii. Ukiwa na swali, piga..." na mwishoni ikafuata namba ya simu inayopokelewa na mtu.

Tazama mpangilio wake. Kosa linatajwa kama letu, mahali ulipo mzigo panajulikana, siku na saa zimewekwa, na fedha zimekwisha kurudishwa kabla ujumbe haujatoka. Hilo la mwisho ndilo nililolipigania zaidi. Idara ya fedha ilitaka tuandike "utarudishiwa", lakini neno hilo ni ahadi nyingine kutoka kwa kampuni iliyotoka kuvunja ahadi, na likichelewa kidogo tu mnakuwa na makosa mawili ya kuombea radhi. Lipeni kwanza kwa M-Pesa au mtandao wowote anaoutumia mteja, subirini uthibitisho wa muamala, ndipo mtume maneno. Vivyo hivyo kwa "Ijumaa kabla ya saa 10 jioni": saa hiyo ilitolewa na msimamizi wa ghala baada ya kuuona mzigo kwa macho yake. Wenye mizigo ambayo haikuonekana walipigiwa simu, hawakutumiwa ujumbe, kwa sababu hakuna maandishi mafupi yanayoweza kumweleza mtu kwamba hamjui mali yake iko wapi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hulifahamu wanapoletewa ankara. SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160, na ikizidi hapo hukatwa katika sehemu za herufi 153 kila moja, nawe unalipia kila sehemu. Ujumbe nilioutoa hapo juu una herufi takribani 270, yaani sehemu mbili. Lakini ukiingia ndani yake alama hata moja isiyo katika orodha ya herufi za kawaida za simu, kama vile emoji, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo, na kila sehemu hubeba herufi 67 tu, kwa hiyo sehemu mbili zinakuwa tano. Kwa Kiswahili mtego mkubwa ni kikato cha "ng'". Ukiandika "ng'ambo ya Kigamboni" kwenye kompyuta, programu za kuandikia hukipinda kikato hicho chenyewe, na kikato kilichopinda hakimo katika orodha ile, ilhali kilichonyooka kimo. Bandika maandishi kwanza kwenye sanduku la mfumo wa kutuma SMS za wingi, uangalie idadi ya sehemu, na ukiona imeruka ghafla tafuta kikato.

Jambo jingine ni hofu ya utapeli. Watanzania wamezoea kupokea "ile hela nitumie kwenye namba hii", na wengi wanajua kwamba namba za matapeli huripotiwa kwenda 15040. Ujumbe unaozungumzia mzigo, fedha na kiungo kifupi cha mtandao kisichosomeka unafanana sana na wizi. Tumeni kwa jina lilelile la mtumaji ambalo mteja amelizoea kwenye taarifa za mizigo yake, msiweke kiungo, na msimwombe athibitishe namba yake wala kitu chochote. Kwa kuwa mtumaji anayeonekana kwa jina hawezi kujibiwa, namba ya kupiga ni ya lazima, na anayeipokea awe ameshausoma ujumbe kabla haujatumwa.

Wafanyabiashara walihitaji kitu tofauti kabisa. Dada mmoja anayeuza magauni alinieleza kwamba shilingi 5,000 za usafiri hazikuwa hoja yake. Gauni la 40,000 lilifika baada ya harusi, mteja akalikataa, na maelezo yake yakaonekana visingizio. Zaidi ya hayo, fedha ambazo madereva walikuwa wamekusanya kwa niaba yake kwenye mizigo inayolipiwa ikifika zilikuwa bado hazijamfikia, kwa kuwa hesabu za madereva nazo zilichelewa pamoja na mizigo. Kumpa mtu wa namna hiyo punguzo ni kumdharau. Tulimlipa kwanza makusanyo yake yote, tukampigia simu, kisha tukamwandikia barua fupi ya kampuni, iliyoelekezwa kwa wateja wake, ikieleza kuwa kuchelewa kulitokana na sisi wala si duka lake. Aliiweka kwenye ukurasa wake siku hiyohiyo. Kama una muda wa kuandika kitu kimoja tu kwa wafanyabiashara, andika barua hiyo.

Ndipo tunafika kwenye ofa, ambayo kila mkurugenzi huitaka mapema. Sharti nililoliweka ni kwamba isitumwe mpaka mizigo 95 katika kila 100 iwe imefika siku iliyoahidiwa kwa wiki mbili mfululizo. Sababu yake ni ya kihesabu zaidi kuliko ya heshima: ofa nzuri huleta mizigo mingi kwa mkupuo, na ghala ambalo ndiyo kwanza limeondoa mrundikano likipokea mkupuo huo litarudi palepale. Mteja aliyerudi kwa ajili ya ofa kisha akacheleweshewa tena hatarudi mara ya tatu. Kwa hiyo, hata wakati ulipofika, tuliigawa orodha kwa maeneo, tukaanza na Sinza na Mwenge ambako tulikuwa na madereva wa kutosha, tukaangalia kwa siku kadhaa kabla ya kwenda Mbagala na Gongo la Mboto.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: "Kwa wiki mbili sasa mizigo yetu ya Dar es Salaam inafika siku tunayoahidi. Ukituma nasi tena, mzigo wa kwanza hatutakutoza. Mwisho ni tarehe 30. Usipotaka ujumbe wa ofa, piga..." Mzigo mmoja wa bure unaeleweka kuliko asilimia, na haumtaki mteja kutoa fedha kabla ya kupata ushahidi. Njia ya kujitoa pia iwepo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Na ofa hii isichanganywe na marejesho: asiyeitumia hadi tarehe 30 anapoteza ofa, lakini fedha zake za usafiri alishazipata.

Ili kujua kama imefanya kazi, usihesabu waliotumia mzigo wa bure, kwani cha bure hutumiwa na wengi. Hesabu waliotuma mzigo wa pili kwa bei kamili. Tuliwaacha pia wateja wachache, waliochaguliwa bila mpangilio, wasipokee ofa, ili tuone wangapi wangerudi wenyewe, na baadhi yao walirudi kwa sababu tu walikuwa wamelipwa na kuombwa radhi vizuri. Kwa wale ambao hawakujibu lolote, tulituma ujumbe mmoja tu wa ofa, hatukuurudia, na namba zao tukaziondoa kwenye orodha ya matangazo.