Mawe na nyasi kwenye Blender: namba za bahati nasibu peke yake hazitoshi

Watu wengi wakishaelewa zile nodi mbili za Geometry Nodes, Distribute Points on Faces ya kumwaga pointi juu ya ardhi na Instance on Points ya kuweka kitu kwenye kila pointi, wanachomeka Random Value moja kwenye Scale, nyingine kwenye Rotation, alafu wanajua kazi imeisha. Ukiangalia picha yenyewe sasa, kilima kizima kina mawe ya saizi zote kwa idadi sawa, nyasi zimelala upande upande, jicho linakataa hata kama mtu hawezi kukwambia tatizo liko wapi. Mimi naona kazi kubwa iko kwenye kuzikunja zile namba mpaka zifanane na ardhi ya kweli, na hapo ndo nataka tukae leo.

Tuchukue kilima cha mawe kama vile vya Mwanza, ile graniti ya mviringo, mawe makubwa machache, madogo kibao yamezunguka chini yake na nyasi zimejaza sehemu zilizo tambarare. Ardhi yangu ni plane ya mita 40 kwa 40, imegawanywa vya kutosha na kuinuliwa kwa Displace. Modifaya ya Geometry Nodes ikae chini ya Displace kwenye orodha, maana nodi zinasoma kile kilichokuja kabla yake tu.

Kabla ya nodi yoyote chagua ardhi, bonyeza Ctrl+A alafu Scale. Usiruke hii. Plane ya kawaida inakuja na mita 2 kwa 2, ukiivuta mara 20 bila kuapply, nodi bado zinaona eneo la mita za mraba 4, kwa hiyo Density ya 10 inakupa pointi kama 40 badala ya 16,000, na kila jiwe linatoka kubwa mara 20. Ukiona mawe machache ya ajabu makubwa kama nyumba, kimbilia hapo kwanza. Mawe na mashada ya nyasi pia yaapply, alafu angalia Origin zake: ya nyasi iwe chini kabisa kwenye shina, ya jiwe iwe juu kidogo ya sehemu yake ya chini ili jiwe lizame kwenye udongo. Jiwe lililokaa juu juu linaonekana limewekwa jana.

Mawe yangu manne yako kwenye Collection moja. Kwenye Collection Info washa Separate Children na Reset Children, na kwenye Instance on Points washa Pick Instance, la sivyo kila pointi inabeba mawe yote manne kwa pamoja. Kwa usambazaji wa mawe natumia Poisson Disk, Distance Min 0.6, ili yasirundikane sehemu moja kupita kiasi.

Sasa saizi. Random Value ya kutoka 0.2 mpaka 1.5 inatoa mawe makubwa mengi sawa na madogo, na hakuna kilima kilicho hivo, jiwe likipasuka linatoa vipande vidogo vingi na vikubwa vichache. Dawa ni kupitisha namba kwenye Math ya Power kabla ya kuipa saizi:

```
Random Value (Float, 0 - 1)
 -> Math: Power, Exponent 3
 -> Map Range: To Min 0.2, To Max 1.5
 -> Scale
```

Kwa hesabu hiyo nusu ya mawe yanakuwa chini ya 0.37 hivi, na yanayozidi 1.0 ni kama asilimia 15 tu. Ukitaka makubwa yawe adimu zaidi panda mpaka 5. Na iwe Float, usiweke Vector, kwa sababu Vector inatoa namba tofauti kwa X, Y na Z alafu jiwe linavutwa upande mmoja, kwa graniti ya mviringo inaharibu kabisa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni ni Seed. Random Value mbili za Float zenye Seed ileile zinatoa namba ileile kwa kila pointi, yaani ukitumia moja kwa saizi na nyingine kwa mzunguko, mawe makubwa yote yatageukia upande mmoja. Utalijua ukitazama kutoka juu, Numpad 7, unaona yale makubwa yana kovu au ufa uleule umeelekea kulekule. Mpe kila Random Value Seed yake: 1, 2, 3, basi.

Mzunguko wa mawe na wa nyasi ni vitu viwili tofauti, msivichanganye jamani. Jiwe linafuata mteremko, kwa hiyo chukua Rotation inayotoka kwenye Distribute Points on Faces, ipitishe kwenye Rotate Rotation ikiwa Local, na kwenye Rotate By ingiza Combine XYZ yenye Z ya Random Value kutoka 0 mpaka 6.283. Rotate Rotation ipo kwenye matoleo mapya ya Blender, kwenye matoleo ya nyuma utatumia Rotate Euler. Nyasi zenyewe zinaota kwenda juu hata kama ziko kwenye mteremko, kwa hiyo ile Rotation ya Distribute usiiguse kabisa, zipe Random Value ya Vector moja kwa moja:

```
Min: -0.15, -0.15, 0
Max:  0.15,  0.15, 6.283
```

Hizo ni radiani, siyo digrii, na 0.15 ni kama digrii 8.6, inatosha shada liegemee kidogo tu. Random Value haijui digrii, ukiandika 15 ukidhani ni digrii umeipa mizunguko zaidi ya miwili, na dalili yake ni nyasi zenye mizizi juu na majani ndani ya udongo. Saizi ya nyasi haina haja ya Power, 0.7 mpaka 1.2 inatosha.

Kilichobaki ni wapi nini kiote. Nodi ya Normal, kisha Separate XYZ, uchukue Z: 1 ni tambarare kabisa, inashuka kadiri mteremko unavyozidi kuwa mkali. Kwa nyasi natumia Random badala ya Poisson, na ile Z inaingia Map Range, From Min 0.8, From Max 0.92, To Min 0, To Max 30, alafu moja kwa moja kwenye Density. Maana yake penye mteremko wa kuzidi digrii 37 hivi hakuna nyasi, chini ya digrii 23 zimejaa, katikati zinapungua taratibu bila mstari. Kwa mawe geuza: From 0.75 mpaka 0.95, To 1 mpaka 0.1, iingie Density Factor, kwa hiyo mawe yanajaa kwenye miteremko na yanabaki machache tu bondeni.

Unganisha mawe, nyasi na ardhi yenyewe kwenye Join Geometry, ukiisahau ardhi inapotea na mawe yanaelea hewani. Realize Instances usiiweke mwishoni kama huna sababu maalum, maana kilima kikiwa na mashada hata 40,000 na kila shada lina pembetatu 300, umeilazimisha kompyuta kubeba pembetatu milioni 12 za kweli badala ya shada moja linalorudiwa. Na kama mashine bado inakwama wakati wa kuzungusha kamera, weka Is Viewport kwenye Switch ya Float, False ipokee ile namba ya Map Range ya nyasi, True ipokee namba hiyohiyo ikiwa imezidishwa kwa 0.1, jibu lake ndo liingie Density: ukifanya kazi unaona sehemu ya kumi ya nyasi, ukirenda zinatoka zote.