Bei za wafungaji: dakika, penalti na mabao ya timu

"Jumamosi asubuhi straika wangu alikuwa 2.65 kufunga wakati wowote. Kikosi kilipotoka jioni, naye akiwa ndani, bei ikapanda hadi 3.10. Kama anaanza, bei si ingeshuka?" – Msomaji, Kondele, Kisumu

Ukiangalia jina lake peke yake, ndugu yangu, hutapata jibu. Angalia nani mwingine ameanza, kwa sababu dalili zote zinaonyesha kwamba mpigaji penalti wa kawaida wa timu hiyo amerudi kikosini. Asubuhi bei ilipangwa kana kwamba penalti ni za mtu wako.

Tuihesabu polepole. Msingi ni mabao ambayo timu inatarajiwa kufunga, nayo husomwa katika masoko ya mechi yenyewe. Ikiwa "zaidi ya mabao 2.5" na "chini ya mabao 2.5" zina bei karibu sawa, soko linatarajia jumla ya mabao kama 2.7. Bei ya nani atashinda hutuambia namna ya kuyagawa, na hapa tuseme 1.7 ni ya timu yako na 1.0 ni ya wageni, mabao ya kujifunga yakiwa yameshaondolewa.

Katika 1.7 hiyo, tenga penalti kwanza. Tukichukulia kwamba timu hupata penalti moja katika kila mechi saba, na kwamba zaidi kidogo ya robo tatu za penalti huingia, tunapata bao 0.11 kwa mechi. Yanabaki 1.59 ya mchezo wa kawaida. Straika anayefunga asilimia 29 ya mabao hayo anapocheza mechi nzima ana 0.46, lakini yeye hutolewa karibu dakika ya 75, kwa hiyo tunazidisha kwa 75 na kugawanya kwa 90, tunabaki na karibu 0.385. Akiwa ndiye mpigaji penalti, tunamwongezea 0.09, ambayo ni 0.11 iliyopunguzwa kwa dakika zilezile, na jumla inakuwa 0.475.

Hiyo 0.475 ni idadi ya mabao, bado si uwezekano wa kufunga, kwa sababu siku nyingine atafunga mawili na mkeka wako hautalipwa mara mbili. Kwenye jedwali la simu au kompyuta, bei ya haki isiyo na faida ya kampuni hupatikana hivi:

```
=1/(1-EXP(-0.475))
```

Jibu ni karibu 2.65. Weka 0.385 mahali pa 0.475, yaani mnyang'anye penalti, upate 3.13. Kutoka 2.65 hadi 3.10 ndiyo safari uliyoiona, ingawa mtu wako hakupoteza hata dakika moja ya kucheza. Wengi tunaobishana vibandani tunasahau kwamba penalti ni mali ya mtu mmoja: akikosekana, hazigawanywi kwa timu nzima, zinarithiwa na mmoja anayefuata.

"Huyo anayetolewa dakika ya 75 kila mechi, si ni afadhali nimwepuke kwa bao la kwanza pia?" – Msomaji, Kakamega

Hapana, hapo dakika za mwisho zina uzito mdogo sana. Mabao ya kwanza mengi huwa yameshapatikana kufikia dakika ya 75, hivyo robo saa anayoikosa ni robo saa ambayo mara nyingi swali la bao la kwanza limekwisha kujibiwa.

Tuendelee na straika yuleyule, akiwa na penalti. Awapo uwanjani, kasi yake ni bao 0.57 kwa dakika 90 katika jumla ya 2.7 ya timu zote mbili, ambayo ni asilimia 21 ya mabao yote. Fungu hilo tunalizidisha kwa uwezekano kwamba bao lolote litapatikana kabla hajatoka, ambao ni asilimia 89. Tunapata asilimia 18.9, na bei ya haki ni 5.29. Angecheza mechi nzima ingekuwa 5.08, tofauti ndogo. Katika soko la wakati wowote, robo saa hiyohiyo ingeshusha bei yake kutoka 2.65 hadi 2.30. Tangu kanuni ya wachezaji watano wa akiba ifanywe ya kudumu mwaka 2022, hili linastahili kuangaliwa zaidi, kwa maana mastraika wengi sasa hawamalizi mechi.

Kinachoumiza bei ya bao la kwanza ni kitu kingine: mabao ya wapinzani. Wageni wakitarajiwa kufunga 1.5 badala ya 1.0, uwezekano wa mtu wako kufunga wakati wowote haubadiliki hata kidogo, lakini bei yake ya haki ya bao la kwanza inapanda kutoka 5.29 hadi karibu 6.03, kwa sababu sasa anashindana na watu wenye kasi zaidi kufika wa kwanza.

"Beki wa wapinzani alijifunga, kisha straika wangu akafunga la pili. Nililipwa kama mfungaji wa kwanza. Walikosea?" – Msomaji, Kisumu

Hawakukosea. Kwa kanuni za kawaida za soko hili, bao la kujifunga hurukwa na anayefuata ndiye huhesabiwa. Ndiyo maana nilianza kwa kuyaondoa mabao hayo.

"Mchezaji wangu aliingia dakika ya 88 na mkeka wa wakati wowote ukachanika. Si walipaswa kunirudishia pesa?" – Msomaji, Bungoma

Kwa masharti yaliyozoeleka, dada, akikanyaga uwanja hata kwa dakika moja beti ya wakati wowote inasimama, na pesa hurudishwa tu asipocheza kabisa. Kwa bao la kwanza ni kawaida kurudishiwa ikiwa aliingia baada ya bao hilo kufungwa, lakini soma masharti ya kampuni yako, maana hapo hutofautiana.

Ubaya wake ni kwamba ulinunua kwa bei ya mtu anayeanza. Straika wetu akianzia benchi na kupata dakika 25, hata penalti zikiwa zake, ana bao 0.158 tu na bei yake ya haki ni karibu 6.8. Aliyemchukua asubuhi kwa 2.65 amebaki na karatasi ya bei hiyo mkononi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo nikiwa stendi ya matatu Nakuru, nikaona majina ya kikosi nikiwa tayari nimelipa.

"Nitajuaje kampuni imejiwekea faida kubwa kiasi gani?" – Msomaji, Nakuru

Subiri kikosi kitoke. Kabla ya hapo kila bei inachukulia kwamba mchezaji atacheza, kwa hiyo orodha ina mastraika wawili wanaowania nafasi moja, na hesabu yoyote utakayofanya itazidi hata kama bei ni za haki.

Kikosi kikishajulikana, geuza kila bei ya wakati wowote ya timu moja kuwa mabao, kwa mfano:

```
=-LN(1-1/2.65)
```

Inarudisha 0.47 na ushei. Jumlisha wanaoanza na wa akiba wanaoelekea kuingia. Soko la mabao likisema 1.7 nawe umepata 2.3, ziada ya 0.6 ndiyo faida yao. Iangalie imelalia wapi: mara nyingi haigawanywi sawa, na mabeki wa bei za 15 au 20 hubebeshwa sehemu kubwa kuliko straika anayejulikana.