Mradi wa kikundi bila pesa

"Tuko vijana 12 Mathare, mfukoni hakuna kitu. Tuanze na mradi gani?"

Sukuma wiki kwenye magunia. Gunia kuukuu la mahindi la kilo 90 hubeba miche 30 hivi, na linakaa hata kwenye kona ya ploti. Changanya udongo debe mbili kwa samadi debe moja. Toa kitako cha mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani na udongo pembeni, kisha uuvute juu na kurudia hadi gunia lijae. Hiyo nguzo ya mawe ndiyo wengi huiruka, halafu maji yanabaki juu na miche ya chini inakauka. Toboa ubavuni kila baada ya shubiri moja, upande miche jioni. Baada ya wiki sita hivi mtaanza kuchuma. Tafadhali msichote udongo kando ya mto, umejaa maji taka.

"Samadi ya kuku ndiyo kali, hiyo tu inatosha."

Kali kweli, lakini ikiwa mbichi inaunguza mizizi: majani yanakauka kingoni ndani ya siku chache. Iache ioze hadi isiwe moto ukiingiza mkono.

"Kwetu Kayole landilodi amekataa magunia juu ya paa."

Ana haki, gunia lililolowa ni zito sana. Yawekeni chini. Kama hakuna nafasi chini, hapo sina jibu.