Gomesi mbele ya Kabaka Mutesa

"Nataka picha ya baraza la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1875, lakini programu ya kuchora picha inanichorea wanawake wenye gomesi na nyumba za mabati. Niandike nini?"

Toa gomesi kabisa, gauni hilo la Uganda lilishonwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20. Andika hivi: "wanawake wamejifunga chini ya kwapa kitambaa cha gome la mti wa mutuba, rangi ya udongo mwekundu, kimekazwa kiunoni kwa mshipi." Ukiandika "nguo za asili" tu, itarudi kwenye gomesi. Na usiandike "bila gomesi" ndani ya maelezo, maana programu nyingi hushika neno na kuiacha "bila". Liweke kwenye kisanduku cha visivyotakiwa.

Ndugu aliyesema kanzu nazo zifutwe, hapana. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa wamezileta ikulu tayari, na Mutesa mwenyewe alizivaa. Bunduki pia zilikuwepo, za kushindilia baruti mdomoni.

Nyumba iandike "ya duara, paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, ua wa matete yaliyosukwa". Nimekulia karibu na Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka, umbo hilo nalijua, ila jengo la pale lilijengwa kwanza 1882 na likaungua 2010, usilinakili lenyewe.

Dada unayetaka picha ya harusi ya bibi ya mwaka 1952, gomesi yako ni sahihi, iache.

Kinachonishinda bado ni hilo gome: mara nyingi linatoka kama ngozi. Nimejaribu "nyuzinyuzi, limepondwa kwa nyundo ya mti", likakaribia tu. Mwenye neno bora aliweke hapa.